Kuoka kwa asali badala ya sukari: jinsi ya kupunguza maziwa ili keki isibonyee katikati

Anayetoa sukari kwenye keki na kutia asali hubadilisha mambo mawili kwa mkupuo mmoja, yaani utamu na maji. Sukari ya mezani ni kavu kabisa, ilhali asali iliyokomaa vizuri ina maji ya gramu 17 hadi 20 katika kila gramu 100. Maji hayo hayaonekani kwa macho, kwa sababu asali ni nzito na hutiririka polepole, lakini yakishaingia kwenye rojo hufanya kazi ileile ambayo maziwa yangefanya. Ndiyo maana keki iliyotiwa asali kwa kipimo kilekile cha sukari, huku maziwa yakiachwa kama yalivyo, huumuka vizuri mwanzoni, kisha hubonyea katikati na kuacha ukanda mzito unaonata karibu na kitako. Wengi huilaumu bekingi pauda au oveni, na wengine hujaribu tena kwa kuongeza bekingi pauda, jambo linalozidisha kubonyea. Kosa huwa ni la maji, na dawa yake ni hesabu fupi inayofanywa kabla ya kuwasha moto.

Mwongozo huu unafuata keki moja ya kawaida ya mafuta na maziwa, inayotiwa iliki, tangu kwenye hesabu hadi kwenye kupoa. Nimeichagua keki ya mafuta badala ya keki ya siagi inayopigwa na sukari kwa sababu maalumu, ambayo nitaieleza baadaye.

Hesabu ya asali na ya maziwa

Anza na sukari iliyoandikwa kwenye mapishi yako, na uipime kwa gramu ukiweza. Zidisha gramu hizo kwa 1.2, nawe utapata gramu za asali. Kipimo hicho kinatokana na ukweli kwamba asali ina takriban gramu 82 za vitu visivyo maji, karibu zote zikiwa sukari za aina mbalimbali, katika kila gramu 100. Kwa hiyo ili upate uzito uleule wa sukari ni lazima utumie asali yenye uzito mkubwa kidogo. Kwa mapishi yenye gramu 200 za sukari, utahitaji gramu 240 za asali.

Kisha tafuta maji yaliyomo ndani ya asali hiyo. Chukua sehemu 18 kwa 100 za gramu 240, utapata gramu 43. Hayo ndiyo maji ya ziada yanayoingia kwenye keki, na ndiyo unayopaswa kuyaondoa mahali pengine. Kwa kuwa maziwa si maji matupu, bali kila gramu 100 za maziwa ya ng'ombe zina maji gramu 87 hivi, ukitaka kuondoa gramu 43 za maji utapunguza maziwa kwa takriban mililita 50. Ikiwa mapishi yako yanatumia maji au juisi badala ya maziwa, punguza mililita 43 hadi 45 tu.

Kuna kanuni ya zamani inayotembea katika vitabu vya mapishi, kwamba kila kikombe cha sukari hubadilishwa kwa robo tatu ya kikombe cha asali, na kwamba hapo hupunguzwa robo kikombe cha kimiminika, yaani mililita 60 hivi. Kanuni hiyo si mbaya kwa asiye na mizani, nayo haiko mbali na hesabu tuliyofanya. Hata hivyo, mimi naiona mizani kuwa bora zaidi, kwa sababu kikombe cha nyumba moja si kikombe cha nyumba nyingine, na asali ni nzito mno kiasi kwamba kosa dogo la ujazo huwa kosa kubwa la uzito. Mililita 100 za asali zina uzito wa gramu 142 hivi. Gramu 240 za asali, kwa hiyo, zinafika mililita 170 tu, yaani theluthi mbili ya kikombe cha mililita 250, na mtu akikijaza kikombe hicho hadi ukingoni atakuwa ametia gramu 355.

Ulimi wako ukiona gramu 240 zimezidi utamu, unaweza kushuka hadi gramu 200 za asali kwa gramu 200 za sukari. Maji yaliyomo yatakuwa gramu 36, na maziwa yatapunguzwa kwa mililita 40 badala ya 50. Usishuke chini ya hapo kwa jaribio la kwanza, kwa sababu sukari ndani ya keki haifanyi kazi ya utamu peke yake. Huilainisha keki pia na kuizuia isikauke.

Kuichunguza asali kabla ya kuitumia

Hesabu hiyo yote inasimama juu ya asali yenye maji ya kawaida. Viwango vya kimataifa vya chakula vinataka asali isizidi gramu 20 za maji kwa kila gramu 100, lakini asali inayouzwa kwenye chupa zilizotumika, kando ya barabara au sokoni, haijapimwa na mtu. Warinaji wanaojua kazi husubiri hadi nyuki wafunge masega kwa nta, kwa kuwa asali ya masega yaliyo wazi bado haijakauka vya kutosha. Asali iliyorinwa kabla ya wakati huo huwa nyepesi, huanza kutoa povu baada ya muda, na huwa na harufu ya uchachu ukiifungua chupa.

Chota kijiko kimoja, ukiinue juu ya chupa kwa urefu wa kiganja, uiache asali idondoke, nayo ikiwa ya joto la kawaida la chumbani, si iliyopashwa. Asali nzito hushuka kwa uzi usiokatika, na uzi huo hujikunja juu ya asali iliyomo chini, ukakaa kidogo kabla ya kuzama. Asali yenye maji mengi hushuka kwa matone au kwa uzi unaokatikakatika, na hupotea mara tu unapogusa chini. Jaribio hili halithibitishi kuwa asali haijachanganywa na sukari, kwa kuwa sukari iliyochemshwa hadi ikawa nzito hujikunja vilevile, lakini kwa mwokaji linatosha kumwambia kama maji yamezidi. Ukiona asali ni nyepesi na huna nyingine, punguza maziwa kwa mililita 60 hadi 65 badala ya 50, na uangalie sana uzito wa rojo, kama nitakavyoeleza.

Asali ya nyuki wadogo wasiouma isitumike kwa hesabu hii. Ina maji mengi zaidi kuliko asali ya nyuki wakubwa, ni kali kwa uchachu, na bei yake ni ya juu; kuioka ni kuipoteza. Kwa upande wa ladha, asali nyeusi ya misitu ya miombo, kama inayotoka Tabora, ina harufu ya nguvu inayobaki hata baada ya kuokwa, na inapatana na iliki, tangawizi na mdalasini. Asali ya rangi ya manjano inafaa zaidi keki ya vanila au ya limau, ambako hutaki asali iwe ndiyo ladha ya mbele.

Asali iliyoganda na kuwa na chenga haijaharibika. Weka chupa yake ndani ya sufuria ya maji ya moto yaliyokwisha kuepuliwa, uikoroge mara kwa mara hadi chenga ziyeyuke, kisha uiache ipoe kabla ya kuichanganya na mayai. Asali iliyoganda ikiingia kwenye rojo bila kuyeyushwa haisambai sawasawa, na utaona madoa meusi juu ya keki mahali mabonge yake yalipoungua.

Keki yenyewe, mapishi ya awali na mapishi yaliyobadilishwa

Mapishi ya awali yana unga wa ngano gramu 250, sukari gramu 200, mayai 3, mafuta ya kupikia mililita 120, maziwa mililita 180, bekingi pauda vijiko 2 vya chai, iliki ya kusaga kijiko 1 cha chai na chumvi kidogo. Huokwa kwenye chombo cha sentimita 20 hivi, kwa moto wa nyuzi 180 za selsiasi, dakika 40.

Baada ya kubadilisha, unga unabaki gramu 250, mayai 3 na mafuta mililita 120, iliki na chumvi zikiwa vilevile. Sukari inaondoka yote na nafasi yake inachukuliwa na asali gramu 240. Maziwa yanashuka kutoka mililita 180 hadi 130. Bekingi pauda inashuka hadi kijiko 1 na nusu cha chai, na inaongezwa bekingi soda, robo ya kijiko cha chai isiyojaa. Moto unashuka hadi nyuzi 165, na muda unaongezeka hadi dakika 45 au 50.

Bekingi soda inahitaji maelezo. Asali ina asidi, ingawa utamu wake huificha, na bekingi soda huituliza asidi hiyo, na zikikutana hutoa hewa inayosaidia keki kuumuka. Ndiyo sababu tumepunguza nusu kijiko cha bekingi pauda, kwa kuwa sehemu ya kazi yake imechukuliwa. Usizidishe hata kidogo, maana asidi iliyomo kwenye gramu 240 za asali si nyingi, na soda inayobaki bila kupata asidi huacha ladha ya sabuni na kuifanya keki iwe ya kahawia iliyokolea mno. Ikiwa mapishi yako tayari yana mtindi au maziwa ya mgando pamoja na soda yake, usiongeze soda nyingine. Wala usitumie magadi ya mawe, yale ya kulainishia maharage, kwa kuwa ni makali zaidi na hayapimiki kwa usahihi.

Hatua za kuchanganya

Washa oveni kwanza ipate moto, kisha upake mafuta chombo cha kuokea na utandaze karatasi kwenye kitako chake. Karatasi si pambo hapa. Keki ya asali hung'ang'ania chombo kuliko keki ya sukari, na bila karatasi kitako chake hubaki nyuma.

Chekecha unga pamoja na bekingi pauda, bekingi soda, chumvi na iliki katika bakuli moja. Soda ikibaki na vibonge, kila kibonge kitakuwa doa chungu la kahawia ndani ya keki, kwa hiyo vifikiche kwa vidole kabla ya kuchekecha.

Sasa pima mafuta, kisha pima asali. Mpangilio huu una faida yake. Ukipima mafuta kwanza kwa kikombe, ukayamimina, halafu ukatumia kikombe hichohicho bila kukifuta, asali itateleza yote na kikombe kitabaki kisafi. Ukianza na asali, kijiko kizima au viwili vitabaki vimeshika kuta za kikombe, na hesabu yako itakuwa imepotea kabla hujaanza. Mwenye mizani aweke bakuli juu yake, airudishe kwenye sifuri, na amimine asali moja kwa moja hadi gramu 240.

Piga mafuta na asali kwa mchapo hadi viwe kitu kimoja, jambo linalochukua dakika moja au mbili, kwani mwanzoni asali hukaa chini na mafuta hukaa juu. Tia yai moja, upige hadi lipotee, ndipo utie la pili, na kisha la tatu. Yakiingia yote kwa pamoja, mchanganyiko hukatika na kuonekana kama umeganda. Mayai yawe ya joto la chumbani, maana mayai yaliyotoka kwenye friji huifanya asali ikaze na kushika kwenye kitako cha bakuli.

Tia nusu ya unga, ukoroge taratibu, kisha maziwa mililita 130, na umalizie kwa unga uliobaki. Acha kukoroga mara tu usipoona unga mkavu. Hapa ndipo pa kuutazama uzito wa rojo, kwa sababu ndiyo nafasi ya mwisho ya kurekebisha. Inua mwiko uliojaa rojo juu ya bakuli na uuinamishe. Rojo sahihi hubaki kwenye mwiko kwa kitambo kifupi, kisha hushuka kwa utepe mpana na mzito, na alama ya utepe huo huonekana juu ya rojo la bakulini kwa sekunde kadhaa kabla ya kufutika. Likitiririka mara moja kama uji wa mgonjwa, bila kuacha alama yoyote, maji yamezidi. Ongeza unga kijiko kimoja cha chakula, ukoroge kidogo, utazame tena, na usivuke vijiko viwili. Likidondoka kwa mabonge na kubaki limesimama, maji yamepungua, na kijiko kimoja au viwili vya maziwa vitatosha. Mayai yana ukubwa tofauti na unga wa kila kiwanda hunywa maji kwa kiasi chake, kwa hiyo marekebisho madogo ya namna hii ni ya kawaida na hayana maana kwamba hesabu ilikosewa.

Moto

Sukari ya mezani huchelewa kubadilika rangi kwa sababu ni lazima kwanza ivunjike kuwa sukari mbili ndogo. Ndani ya asali kazi hiyo imekwisha kufanywa na nyuki, na sukari hizo ndogo zinapokutana na protini za mayai na maziwa huanza kuwa kahawia mapema, kwa moto mdogo zaidi. Keki ya asali inayookwa kwa nyuzi 180 huwa nyeusi juu wakati katikati bado ni mbichi, na mwokaji akidanganywa na rangi huitoa mapema, kisha inabonyea mbele yake. Kushuka hadi nyuzi 165 huipa sehemu ya katikati muda wa kuiva kabla ya uso kuungua. Baada ya dakika 30, ikiwa juu tayari pamekolea, funika kwa karatasi ya alumini iliyowekwa wazi bila kubanwa.

Anayeoka kwa sufuria na jiko la mkaa hana nyuzi za kusoma, na kwake cha kudhibiti ni moto wa juu. Kama kwa keki ya sukari huwa unapanga makaa yaliyoenea juu ya mfuniko wote, kwa keki ya asali acha makaa kwenye ukingo wa mfuniko na katikati pabaki wazi, na moto wa chini uwe wa makaa yaliyokwisha kushika majivu. Usifunue kabla ya nusu saa kupita, kwani ubaridi unaoingia ghafla huiangusha keki ambayo haijashikana.

Kijiti cha kupimia nacho kina usomaji wake. Kwenye keki ya sukari, kijiti kikitoka kikavu ndiyo ishara ya kuiva. Keki ya asali iliyoiva hutoa kijiti kilichoshika chembe mbili tatu zenye unyevu, zisizopakaa ukizisugua kwa vidole. Kikitoka na utando wa rojo unaong'aa, bado. Ukisubiri kijiti kikauke kabisa utakuwa umeikausha keki. Tazama pia ukingo, ambao huanza kujitenga na chombo, na bonyeza katikati kwa kidole, panapopaswa kurudi juu.

Iache keki ndani ya chombo chake dakika 15 ndipo uigeuze. Keki ambayo bado ni ya moto huwa laini mno na hukatika kwa uzito wake yenyewe. Ukiweza kuvumilia, ifunge ikishapoa kabisa na uikate kesho yake. Unyevu utakuwa umeenea sawasawa na iliki itakuwa imesikika vizuri zaidi.

Ukiikata na kuona kasoro

Ukanda mzito unaonata kwenye kitako, pamoja na shimo katikati, maana yake ni kwamba maji yalizidi. Ama maziwa hayakupunguzwa, ama asali ilikuwa nyepesi. Kwa mara nyingine punguza maziwa kwa mililita 15 zaidi na usiguse kitu kingine, ili ujue ni lipi lililosaidia. Keki iliyopasuka sana juu na kukaa kavu inayopukutika ilinyimwa maji, au ilikaa motoni mno. Tofauti yao iko kwenye ukingo. Iliyokaa motoni mno ina ukingo mgumu na mnene, na iliyonyimwa maji ina ukavu uleule tangu pembeni hadi katikati. Ladha ya sabuni inatoka kwenye soda, na matundu marefu yanayopanda kama mifereji yanatokana na kukoroga kupita kiasi baada ya unga kuingia.

Keki ya siagi na sukari

Sasa naieleza ile sababu ya kuchagua keki ya mafuta. Keki nyingi za nyumbani kwetu hufuata kipimo cha gramu 250 za unga, 250 za siagi au majarini, 250 za sukari na mayai manne, bila maziwa au kwa maziwa machache sana. Keki hiyo huumuka kwa hewa inayoingizwa wakati wa kupiga siagi na sukari, ambapo chenga za sukari huchimba vitundu vidogo ndani ya siagi. Asali haina chenga, na hata uipige na siagi kwa muda gani, hewa itakayoingia ni kidogo. Zaidi ya hapo, hakuna maziwa ya kupunguza, kwa hiyo maji ya asali hayana pa kwenda.

Kwa keki ya namna hii, mimi singebadilisha sukari yote. Badilisha nusu tu. Piga siagi na gramu 125 za sukari hadi ziwe nyeupe na nyepesi, kisha mimina gramu 150 za asali kidogo kidogo huku ukiendelea kupiga, halafu mayai moja moja pamoja na kijiko cha unga kwa kila yai ili mchanganyiko usikatike. Asali hiyo inaleta maji gramu 27. Kwa kuwa huna maziwa ya kuyapunguza, ongeza unga gramu 25, ukianzia kwenye gramu 250 hadi ufikie 275, na soda kiasi cha kubana kwa vidole viwili. Keki itakuwa imeshikana zaidi kuliko ya sukari tupu, lakini itaumuka.

Sirapu, asali ya tende na shira

Hesabu ni ileile, ila kiasi cha maji hubadilika kutoka kimiminika kimoja hadi kingine. Soma kibandiko cha chupa kwenye mstari wa kabohaidreti kwa gramu 100. Kinachobaki hadi kufika 100 ni maji karibu yote. Sirapu ya miwa ya rangi ya dhahabu inayouzwa kwenye makopo ina maji yanayokaribiana na ya asali, kwa hiyo fuata vipimo vya asali, ukiiacha bekingi soda na kubaki na vijiko 2 vya bekingi pauda, kwa kuwa haina asidi ya kiwango hicho.

Asali ya tende, inayopatikana kwenye maduka ya pwani na kutumiwa sana Omani na nchi za Ghuba, mara nyingi ina maji mengi zaidi. Tuseme kibandiko kinaonyesha kabohaidreti gramu 75. Gawa gramu 200 za sukari kwa 0.75, utapata gramu 267 za asali ya tende, ambazo ndani yake zina maji gramu 67. Maziwa yatapunguzwa kwa mililita 77, yabaki 103. Keki itakuwa nyeusi tangu ndani, na rangi haitakusaidia kujua kama imeiva. Tegemea kijiti na kidole.

Shira iliyobaki baada ya kaimati inaweza kutumika iwapo unajua maji yake, na njia ya kuyajua ni kupima. Kama ulitia sukari gramu 500 na shira ilipokamilika ikawa na uzito wa gramu 650, ukiondoa uzito wa sufuria, basi maji yaliyobaki ni gramu 150, yaani 23 kwa 100, na hesabu inaendelea kama kawaida. Shira nyepesi ya sukari na maji yaliyo sawa kwa uzito haifai, kwa kuwa ili upate gramu 200 za sukari utatia gramu 400 za shira, na maji gramu 200 yaliyomo yanapita maziwa yote ya mapishi.

Pasipofaa

Biskuti zinazotakiwa kuvunjika kwa mlio haziwezi kuokwa kwa asali tupu. Asali huvuta unyevu wa hewani, na katika mji wa pwani biskuti zilizotoka oveni zikiwa kavu hulainika kabla ya kesho yake hata zikiwa kwenye kopo. Badilisha robo ya sukari, usizidi hapo. Kwa mkate na maandazi ya hamira hali ni nyepesi, maana sukari ni chache. Gramu 50 za sukari huwa gramu 60 za asali, maji hupunguzwa mililita 10, na donge likionekana linanata kidogo zaidi ya kawaida, likande kwanza dakika chache kabla ya kuamua kuongeza unga.

Kwa mwenye kisukari, keki hii bado ni keki ya sukari, kwa kuwa tumeweka uzito uleule wa sukari kwa umbo jingine, na ihesabiwe hivyo kwenye mlo wake. Mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja asipewe kabisa. Asali inaweza kubeba mbegu za kijidudu kinachosababisha ugonjwa wa botulizimu kwa watoto wachanga, na moto wa kuoka hauziui, kwa kuwa katikati ya keki hapavuki nyuzi 100 hata oveni ikiwa ya nyuzi 165. Keki ya sherehe inayopelekwa penye watoto wa umri huo iandikwe wazi kwamba ina asali.